Leta, Duma, Chuga, Tarishi au Kapu: jina la kuchora kwenye pikipiki za mizigo Arusha

Alikuja kibandani kwangu Mbauda dada mmoja mwenye pikipiki sita, zote Boksa, kila moja imefungwa boksi jeusi la plastiki nyuma. Anafanya delivari: chakula cha migahawa ya katikati ya mji, dawa, nguo za wanaouza mtandaoni, na mboga za wateja wa Njiro wasiotaka kukanyaga matope ya soko. Mkononi alishika karatasi yenye majina matano. Akaniambia, "Fundi, nimechoka kufikiri. Chora lile litakalokaa vizuri."

Kuchora nachora hata jina baya, ndiyo kazi yangu. Ila maboksi sita ya pande tatu kila moja ni maandishi kumi na nane, na bado hujagusa vizibao vya madereva. Jina likikukataa baada ya miezi mitatu unanilipa mara ya pili, tena kufuta ni kazi chafu kuliko kuandika. Nikamwambia, dada, vuta kiti.

Majina yenyewe yalikuwa Leta, Duma, Chuga, Tarishi na Kapu. Nyuma ya karatasi kulikuwa na mengine ambayo alikwisha kuyakata, na aliyakata kwa akili. Tuma alilikata kwa sababu matapeli wamelimaliza neno hilo. Nani hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Swala ni mnyama mwenye mbio, lakini Ijumaa mchana mtu akiita "Swala! Swala!" karibu na msikiti, dereva wako ndiye wa mwisho kufikiriwa. Na Mwewe, jamani, ndege anayejulikana kwa kazi moja tu ya kubeba vifaranga vya watu bila kurudisha, ndiye umkabidhi kuku wa mtu?

Kwa yale matano yaliyobaki, maana haikuwa tatizo. Kila moja ukilieleza kwa utulivu mbele ya chai linapendeza. Tatizo ni kwamba hakuna mteja wa pikipiki anayelisikia jina mbele ya chai. Analisikia likitoka ng'ambo ya barabara huku daladala inanguruma katikati, au analiona upande wa boksi linalopita, au mlinzi wa geti analirudia kwenye simu kwa mama mwenye nyumba. Basi kesho yake asubuhi tukaenda Soko la Kilombero kuyapima.

Kipimo chenyewe ni rahisi na mtu yeyote anaweza kukifanya. Tulimchukua dereva wake mpya, ambaye hakuwa ameiona ile karatasi, tukamsimamisha ng'ambo ya barabara, hatua kama thelathini, akiwa ametupa mgongo na ana kalamu na daftari. Upande wetu alikaa mama muuza nyanya ninayemfahamu. Kazi yake ilikuwa kuita jina moja moja, mara tatu kila moja, kwa sauti anayotumia kila siku, bila kujikaza. Dereva aandike alichosikia, hata kama hakina maana. Ni muhimu msikilizaji asiwe na orodha kichwani. Ukiwa unajua majina matano, sikio lako litachagua mojawapo kati ya hayo. Mteja wa kweli hana orodha, ana majina ya watu wote anaowajua.

Hapo ndipo Duma lilipoanguka, nami nilikuwa nimeshaanza kulipenda. Mama aliita "Duma!" na watu watatu wakageuka, mmoja wao akaitika kabisa, "Naam!" Wote akina Juma. Kwenye daftari dereva aliandika Juma, Juma, na mara ya tatu akaandika Duka. D na J zinatofautiana kwa kishindo kidogo sana mwanzoni mwa neno, na kishindo hicho ndicho kitu cha kwanza injini ya dizeli inachokimeza. Katika mji ambao kila kijiwe kina Juma wake, jina hili litakuwa linaita watu wengine siku nzima. Duka nalo ni hivyo hivyo: mteja akisema "nimeagiza kwa Duma," anayesikiliza anauliza, duka lipi?

Leta lilisikika vizuri kuliko Duma. Shida yake ikawa nyingine kabisa. Mama alipoita "Leta!" mara ya pili, kijana wa mkokoteni aliyekuwa anapita akasimama, akageuka na mkokoteni wake, akauliza kwa heshima, "Nilete nini, mama?" Tulicheka, lakini lile swali ndilo litakalokuwa maisha ya jina hilo. Leta si jina, ni amri. Mswahili yeyote akiisikia anasubiri neno linalofuata. Jaribu kwenye simu: "Halo, nani mwenzangu?" "Leta." "Nilete nini?" Jaribu kulitungia sentensi: "Leta amefika"? "Leta zimefika"? "Mpigie Leta alete"? Ulimi unajikwaa, kwa sababu kitenzi hakina ngeli, na jina lisilo na ngeli halijui likae wapi katika sentensi ya Kiswahili. Kuna pia jambo la adabu. Mtu mzima hapendi kupaza sauti "Leta!" kwa kijana wa watu barabarani, inasikika kama anamtuma mtumwa. Mama wa nyanya mwenyewe aliita kwa kusitasita, mpaka nikamwambia, mama, ni kazi tu.

Nikae kidogo hapa kwenye ngeli, maana wengi wanaochagua majina hawalifikirii. Jina la biashara likiwa nomino ya kawaida, wateja watalipatanisha na sentensi kwa njia mbili. Duma linakwenda na watu bila taabu, kwa kuwa mnyama anachukua upatanisho wa kiumbe: "duma amefika", "duma wako njiani". Hiyo ni nguvu yake ya kweli, na ndiyo sababu majina ya wanyama hupendwa. Kapu ni kitu, hivyo kwa sarufi ni "kapu limefika". Lakini sikiliza watu wanavyosema: "Kapu wamefika," "kijana wa Kapu yuko getini." Wakitaka kapu lenyewe watasema limefika, wakitaka ninyi watasema wamefika. Lugha yenyewe inatenganisha, na baada ya wiki moja mlinzi hana tena haja ya kuuliza kapu gani. Leta haliwezi kufanyiwa hivyo.

Chuga nililitegemea lishinde, maana ni jina letu. Hakuna mtu wa Arusha asiyejua kwamba Chuga ni hapa. Dereva aliliandika sawasawa mara zote tatu. Ila alipovuka kurudi akauliza, "Mama, hapo ulikuwa unaita abiria?" Akaeleza kwamba alidhani anamsikia mpiga debe. Nilijisikia mjinga kwa kutoliona hilo mapema. Mji wetu umejaa watu wanaolipwa kupaza majina ya mahali: Sakina, Njiro, Ngaramtoni, Kwa Mrombo. Sikio la mtu wa stendi limezoea kwamba jina la mahali likipazwa ni gari linakwenda huko. Jina la mahali, hata la utani, linaingia katika zile kelele na kupotelea humo. Ndivyo ilivyo pia kwa Meru, ambalo wateja wangu wengi hulipenda: kuna mlima, kuna wilaya, kuna hospitali, kuna kabila, na wewe wa tano.

Chuga lina mpaka wa pili, nao ni wa kijiografia kweli. Dada ana mpango wa kupeleka pikipiki mbili Moshi baadaye. Kutoka hapa mpaka Moshi ni kama kilomita 80, lakini kwa utani wa miji hii miwili ni mbali zaidi ya hapo. Mtu wa Majengo au Pasua aite "Chuga!" kwa mdomo wake, mbele ya wenzake? Ataita, lakini atakuwa anakucheka. Kama huna nia ya kutoka Arusha milele, jina hili lina faida ambayo mengine hayana, vijana watalibeba wenyewe. Kama unatazama nje, liache.

Tarishi ndilo neno ninalolipenda kuliko yote matano. Ni Kiswahili cha haki, maana yake ndiyo kazi yenyewe: mtu wa kupeleka barua na ujumbe. Waliofanya kazi ofisi za serikali zamani wanamkumbuka tarishi na baiskeli yake na bahasha za kaki. Mama alipoita, dereva aliandika Rashidi. Mara ya pili, Rashidi. Mara ya tatu akaacha wazi.

Sababu inafaa kuelezwa kwa kuwa inaamua mambo mengi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu iliyo hapo ndiyo inayobeba sauti mbali. Ukitamka A mdomo unafunguka wote, sauti inatoka kwa nguvu. O na E zinafuata. I na U zinatoka kwenye tundu dogo na haziendi mbali. Tarishi lina mkazo kwenye RI. Baada yake inakuja SH, sauti ambayo ni upepo mtupu, na upepo haushindi injini. Kinachofika ng'ambo ni kitu kama "a-i-i", na sikio linatafuta mtu wa kumpa. Kapu lina mkazo kwenye KA, irabu kubwa kuliko zote, na konsonanti zake mbili, K na P, zinapasuka, hazipulizi. Duma na Chuga yana mkazo kwenye U, ingawa yote yanamalizia kwa A, na hilo linayasaidia kwa njia nyingine nitakayoisema.

Na Kapu? Dereva aliandika Kapu, Kapu, na Babu. Ile ya tatu mzee mmoja aliyekaa kwenye gunia aligeuka kabisa, akatutazama kwa jicho la "nani ananiita babu?" Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba, yakaisha. Nalitaja kwa sababu Kapu si jina lisilo na kasoro. Watu wa kwetu wakimwita mtu wa mbali huwa wanavuta silabi ya mwisho, "Jumaaa!", na Kapu ukilivuta mwishoni unapata "Kapuuu", ambayo ni nyembamba, na ile K ya mwanzo inadhoofika. Duma na Chuga wakivutwa mwishoni wana A ya kutosha. Lakini mama wa nyanya, bila kuelekezwa, aliita Kapu kwa kulirudia haraka, "Kapu-Kapu!", kama tunavyosema chapchap na bodaboda, na hapo lilivuka barabara bila shida. Jina la silabi mbili linakubali kurudiwa. Tarishi-Tarishi ni silabi sita, pikipiki imeshafika Mianzini.

Tulirudi Mbauda kwa upande wangu wa kazi, jicho. Boksi lake lina upana wa sentimita 45. Ukiacha sentimita tatu kila upande ili maandishi yasikwaruzwe kwenye kona, unabaki na 39. Herufi nzuri ya kusomeka, upana wake ni kama theluthi mbili ya urefu, na lazima kuwe na nafasi kati ya herufi na herufi. Kwa jina la herufi nne zenye upana wa kawaida, kama KAPU au LETA, kila herufi inapata karibu sentimita 8 za upana, hivyo urefu wa 12. CHUGA inashuka hadi kama 10. TARISHI, pamoja na kwamba I mbili ni nyembamba, haivuki 8. DUMA ni herufi nne lakini M ni pana, hivyo unabaki na 11 hivi.

Kanuni tunayotumia wachoraji wa mabango ni kwamba kila sentimita mbili na nusu za urefu wa herufi hukupa mita tatu za kusoma bila kukaza macho. Herufi ya sentimita 12 inasomeka vizuri kutoka mita 14. Ya sentimita 8 kutoka mita 9 au 10. Zinaweza kuonekana kutoka mbali zaidi, lakini kuona si kusoma. Sasa pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa inakata mita 11 kila sekunde. Mtu aliyesimama kando ya barabara ana kama sekunde moja na kidogo ya kusoma kabla boksi halijampita. TARISHI kwa sekunde hiyo anaipata TARI, labda. KAPU anaipata yote na bado ana muda wa kuangalia namba ya simu, ambayo hataisoma, lakini ndivyo watu walivyo, wanataka namba iwepo.

Dada akauliza kwa nini nisizibane herufi za Tarishi ziwe ndefu na nyembamba. Naweza. Ila herufi iliyobanwa inajaa vumbi katikati. Arusha ya Julai mpaka Septemba ni vumbi jekundu, masika kuanzia Machi ni matope, na kati ya kuosha na kuosha boksi linakaa siku tatu nne na ukoko. Tundu la R na A likiziba, jina limekwisha. Kwa sababu hiyo hiyo nina mashaka na CHUGA: C na G kwa mbali ni herufi moja, na ule ulimi mdogo wa G ndio unaobanduka kwanza. Nimeshaona kazi yangu mwenyewe ikisomwa vibaya hivyo. LETA, kwa jicho tu, ndilo bora kuliko yote, mistari iliyonyooka mitupu, mtoto anaweza kulichora. Inasikitisha kwamba ni kwa jicho tu. KAPU ina P, ambayo ikikwaruzwa upinde wake wa mbele inaanza kufanana na F, kwa hiyo P naiandika kwa tumbo kubwa makusudi.

Rangi sikumpa chaguo. Boksi jeusi linaandikwa njano. Nyekundu juu ya nyeusi inapendeza mchana dukani na inakufa saa kumi na mbili na nusu jioni, saa ile ile ambayo oda za chakula zinaanza.

Mpaka hapo alikuwa ameshalegea kwenye Kapu, ila akasema kitu cha maana. "Fundi, Kapu linanipeleka sokoni. Na dawa je? Na nyaraka za wakili?" Ni kweli. Kapu linanuka mboga, na hiyo ni sifa nzuri kwa mwenye mgahawa. Kwa ofisi ya mhasibu inayotuma hati si sifa. Tukahesabu oda zake za wiki kwenye simu: sehemu kubwa ilikuwa chakula na vitu vya soko, nguo zikafuata, nyaraka zilikuwa chache kabisa. Kama hesabu ingekuwa kinyume ningemwambia achukue Tarishi. Sitanii. Wateja wa ofisi hawaiti pikipiki ng'ambo ya barabara, wanapiga simu kutoka kwenye chumba kimya, na mapokezi wanaandika jina kwenye daftari la wageni. Pale udhaifu wote wa Tarishi unatoweka: hakuna injini, hakuna sekunde moja, na uzito wa neno unafanya kazi yake. Jina linalofeli Kilombero linaweza kufaulu katika ofisi za AICC.

Kuna na upande wa makaratasi, ambao ni bora uutazame kabla ya rangi. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na hatua ya kwanza ni kutafuta kama kuna lililofanana nalo. Maneno mafupi ya kila siku yana wenyewe wengi, kwa hiyo uwe tayari kusajili kwa mkia, mathalani "Kapu Vifurushi", na kuchora neno moja tu kwenye boksi. Wengi wanafikiri cheti hicho kinamzuia jirani kutumia jina lao. Kinachompa mtu haki ya kumzuia mwingine ni alama ya biashara na huduma, ambayo pia inaombwa BRELA lakini ni ombi tofauti. Kwa Tanzania Bara inadumu miaka 7 ya kwanza, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara, na huduma za usafirishaji ziko daraja la 39. Hapo tena majina yanatengana. Neno linaloeleza huduma yenyewe ni gumu kulifanya mali yako peke yako, kwa sababu kila mpeleka mizigo anahitaji kusema "leta", na tarishi ni cheo cha kazi. Jina la mahali lina ugumu huo huo, hilo ndilo la Chuga. Duma na Kapu hayaelezi huduma moja kwa moja, hivyo yana nafasi nzuri zaidi. Leseni ya kupeleka vifurushi ni habari nyingine, hiyo ni ya TCRA, na haijali unaitwa nani.

Kitu kingine kidogo: lile jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa kwa Lipa Namba. Mteja akiona boksi limeandikwa KAPU halafu simu inamwonyesha jina la mtu asiyemjua, anasita, na ana haki ya kusita. Dada alikuwa amesajili namba kwa jina la mumewe. Nikamshauri abadilishe kabla pikipiki hazijatoka na jina jipya, kwa sababu dakika hiyo ya kusita inaangukia getini, chakula kinapoa, na anayelaumiwa ni dereva.

Alichagua Kapu. Sikukubali kuandika zote sita. Nilichora moja, upande wa kushoto na nyuma, nikamwambia aitembeze wiki nzima. Kushoto kwanza, kwa sababu tunaendesha kushoto na waenda kwa miguu wako upande huo. Nyuma ni kwa ajili ya wenye magari kwenye foleni ya Sanawari, ambao wana muda wa kusoma mpaka kitabu. Plastiki niliipiga msasa mpaka ikapoteza mng'ao, nikapaka rangi ya chini, nikaacha ikauke usiku kucha. Asiyefanya hivyo rangi yake inatoka yote siku ya kwanza ya kuoshwa kwa presha. Stika ni haraka zaidi, lakini inaanza kunyanyuka kwenye kona, na mtoto yeyote akiona kona imenyanyuka anaivuta.

Aliporudi baada ya siku nane alikuwa anacheka na amekasirika pamoja. Watoto wa Kaloleni wameshaanza kumwita dereva "Kapu la Mama", hilo hakulijali. Kilichomuudhi ni kwamba mgahawa mmoja ulikuwa unamtafuta "yule wa KA". Nikatoka nje kutazama. Dereva alikuwa anafunga mizigo mirefu juu ya boksi kwa mpira, na mpira unashuka upande wa kushoto, unapita juu ya P na U kila siku, na pale ulipopita rangi imeshaanza kulika. Nilifuta, nikapandisha maandishi sentimita saba, nikayasogeza mbele kidogo mpira usiyafikie, ndipo nikamwambia alete zile tano zilizobaki.